Mchanganuo wa sevisi chaji umegeuzwa kifungashio cha sambusa!

MwekaHazina24
Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi na mikono bado inanitetemeka. Mnamfahamu yule, kila jengo Dar es Salaam lina wa kwake, ambaye hukumbuka kuwa ni mmiliki siku ya kikao tu. Nimekesha siku mbili nikiandaa mchanganuo, nikatoa nakala 24 kwa fedha yangu, na nilipofika mstari wa lifti nikainua macho, nikamkuta ameikunja nakala yake na kufungia sambusa tatu za kupeleka nyumbani. Sambusa zenyewe zilinunuliwa na umoja, yaani kwa sevisi chaji ambayo yeye anadaiwa ya miezi saba!

Ada inapanda kutoka shilingi 150,000 hadi 185,000 kwa mwezi, na hizo 35,000 hazikuokotwa hewani. Shilingi 10,000 ni za ulinzi, kwa kuwa kampuni imeongeza 60,000 kwa kila mlinzi nasi tunao wanne. Gawanyeni wenyewe kwa fleti 24. Shilingi 2,500 ni za dizeli ya jenereta. Shilingi 12,500 ni za kamba za lifti, ambazo fundi alikuta nyuzi zake zimeanza kukatika, na gharama yake ya milioni 7.2 tunaichanga kwa miezi 24. Shilingi 10,000 zilizobaki zinakwenda kwenye akiba ya matengenezo makubwa. Mtu mzima anaitazama hesabu hiyo na kuona kifungashio! Mafuta yalipenya hadi mstari wa dizeli ukawa hausomeki, kisha akanyanyua mkono na kuuliza kwa nini mstari wa dizeli hausomeki.

Kibarazani
Pole sana, mkuu. Zilikuwa za nyama au za viazi? Tusianze kuzungumzia lifti kabla ya kujua umoja unakula nini.

GhorofaYaChini
Mimi namtetea huyo wa sambusa. Ninaishi chini kabisa, sijapanda lifti tangu nihamie, na sheria inasema kila mmoja alipie anachotumia.

MsimamiziMajengo
Ndugu yangu, sheria haisemi hivyo. Chini ya Sheria ya Hatimiliki za Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, mchango wa mali ya pamoja hufuata kiwango cha hisa cha sehemu unayomiliki, wala hauhesabu mara ulizopanda ngazi. Hata hivyo, Mweka Hazina, hoja hiyo inakugusa na wewe: umegawa kwa 24 sawasawa, na kama jengo lina fleti za chumba kimoja na za vyumba vitatu, mwenye chumba kimoja ana haki ya kunung'unika.

Jambo jingine linanitia wasiwasi zaidi. Nyuzi zikishaanza kukatika, kamba hazingojewi miezi 24. Je, mmezibadilisha?

MwekaHazina24
Tulizibadilisha mwezi Machi kwa fedha za akiba, na sasa tunairudishia. Ningeyaeleza hayo kikaoni, ila nilikuwa natazama sambusa zikifungwa.

MsimamiziMajengo
Basi hizo 12,500 na zile 10,000 zinaingia mfuko mmoja, nawe umeziandika kama vitu viwili. Anayesoma kwa makini ataona anatozwa akiba mara mbili. Isitoshe, deni la kamba lina mwisho, ilhali umelitia ndani ya ada ya kila mwezi ambayo haina mwisho. Liweke kama mchango maalumu, uandike mwezi wa kwanza na wa mwisho, ili baada ya miezi 24 ada ishuke hadi 172,500 bila mtu kudai.

MwekaHazina24
Hilo la mwisho nimelipokea. La mara mbili silikubali, kwa sababu 10,000 ni za paa na pampu, na lifti ni lifti. Lakini mtu ambaye hajalipa miezi saba hana ubavu wa kufungia sambusa hesabu yangu.

MamaWawili
Samahani wakuu, sevisi chaji ndiyo ile kodi ya jengo inayokatwa tukinunua LUKU?

MsimamiziMajengo
Hapana, mama. Hiyo ni ya serikali na imekuwa ikikatwa kwenye LUKU tangu 2021. Hii mnachangishana wenyewe.

Kibarazani
Bado hatujajibiwa kuhusu nyama.

BombaLaJuu
Afadhali nyie mmepewa karatasi. Kwetu mita ya maji ni moja kwa fleti 16, bili inagawanywa sawa, na mpangaji wa chini amefungua biashara ya kufulia mazulia. Mwezi uliopita nilikuwa safarini wiki tatu, nikarudi nikakuta natakiwa kulipa sawa na yeye. Nilipoomba mchanganuo niliambiwa nitazame mita, na mita yenyewe imo ndani ya uzio wa huyo mfua mazulia.

GhorofaYaChini
Sasa huyo ndiye mwenye malalamiko ya kweli. Hebu eleza, uzio huo aliujenga kwa idhini ya nani?