Naomba ushauri: hedhi imekosekana, tumbo linauma upande mmoja

Habari zenu. Mdogo wangu amekosa hedhi na kipimo cha mkojo kinaonyesha ana mimba, ila tumbo la chini linamuuma upande wa kulia tu, na anatokwa matone ya damu nyeusi. Altrasaundi haikuona kitu ndani ya mfuko wa uzazi. Daktari alisema huenda mimba ni changa mno au imetunga kwenye mrija, hivyo kipimo cha damu kirudiwe baada ya saa 48.

Sasa ameanza kuumwa begani, na akisimama anasikia kizunguzungu. Yeye anadai bega ni uchovu tu (mbishi huyu!), mimi nahofia mrija umepasuka na damu inavujia tumboni. Hatusubiri, tunatafuta gari twende hospitali yenye upasuaji. Waliopitia haya, tukifika mapokezi tuseme nini ahudumiwe haraka? Na njiani asile kabisa?