Triga inajiita yenyewe mpaka databesi inagoma, msaada wakuu

kijana_wa_zamu: Wakuu habari za saa hizi. Nina mfumo wa saccos, bosi anataka ijulikane nani kabadili taarifa za mwanachama na lini, nikaweka triga kwenye tebo ya wanachama. Tangu jana ukigusa hata namba ya simu inagoma, imezunguka usiku kucha diski inakaribia kujaa na kesho tunafunga hesabu. Nifanyeje?

MzeeWaBekapu: Bekapu unayo? Mimi nilishafuta tebo nzima Ijumaa jioni, nikalala ofisini siku mbili.

dogo_wa_php: Hii chai. Triga haiwezi kugusa tebo yake, inakutupia kosa 1442 hapo hapo, izunguke vipi usiku kucha?

fundi_seva: Dogo, hiyo ni MySQL. Mleta uzi, databesi gani? Weka na triga.

kijana_wa_zamu: PostgreSQL. Ni AFTER UPDATE, FOR EACH ROW, ndani hivi:

```sql
UPDATE wanachama
SET imebadilishwa = now()
WHERE id = NEW.id;
RETURN NULL;
```

Kosa ni `stack depth limit exceeded`. Ujumbe wenyewe unashauri kuongeza `max_stack_depth` kwa hiyo nimeshaitoa 2MB nikaweka 6MB. AFTER nimeichagua makusudi, ukaguzi unaandikwa jambo likishatokea.

fundi_seva: Rudisha 2MB, umeongeza kamba ya kujinyongea tu. Hiyo UPDATE ya ndani nayo ni UPDATE, inaamsha triga ileile. Tarehe iwekwe kabla mstari haujaandikwa, ufute triga ya sasa uweke BEFORE UPDATE:

```sql
NEW.imebadilishwa := now();
RETURN NEW;
```

AFTER ibaki nayo ya kunakili OLD kwenda tebo nyingine ya historia, hapo haijirudii. Ila usiku kucha hata mimi siamini. Mzunguko huo unakufa ndani ya sekunde chache na kila kitu kinarudi kilivyokuwa. Kuna kitu umeficha.

dogo_wa_php: Si nilisema?

kijana_wa_zamu: Sijaficha jamani, nilisahau. Kuna skripti ya kupakia makato, ikishindwa inajaribu tena kila sekunde 5.

fundi_seva: Basi ndiyo hiyo. Kila ikishindwa, logi inaandika mlolongo wote wa triga kuitana, mistari kibao. Kilichojaa ni logi, data haijaongezeka. Zima skripti kwanza.

kijana_wa_zamu: Nimezima, diski imetulia. Ila si naweza kuacha triga yangu nikaongeza `WHEN (pg_trigger_depth() = 0)`? Nimejaribu sasa hivi imepita.

fundi_seva: Itapita. Siku triga ya tebo ya mikopo ikimbadili mwanachama, kina kitakuwa 1 tayari, yako itanyamaza na tarehe haitaandikwa. Unayo ya hivyo?

kijana_wa_zamu: Ipo moja, aliiacha jamaa aliyeondoka, sijawahi kuifungua.

MzeeWaBekapu: Na bekapu bado hujanijibu.