Naomba ushauri: nimwombeje mhadhiri ruhusa ya kwenda harusini wiki yenye praktikali?

Kitinda_Mimba

Habari zenu wote. Niko mwaka wa pili, nasoma sayansi ya viumbe. Dada yangu anafunga ndoa Jumamosi ya wiki ya 9 ya muhula na mimi ndiye msimamizi wake. Nyumbani ni mbali, safari inakula siku nzima, kwa hiyo natakiwa kuondoka Alhamisi asubuhi na kurudi Jumatatu jioni. Sasa hivi tuko wiki ya 6.

Kozi nyingine hazinitishi. Inayoninyima usingizi ni maikrobaiolojia. Ina vipindi viwili kwa wiki, Jumatatu na Ijumaa, na praktikali ya kundi letu inaanza Alhamisi mchana na kumaliziwa Ijumaa. Wiki hiyo tunapima ni dawa zipi zinaua bakteria na zipi zimeshindwa, na ripoti yake ina alama 10. Chuo kinataka mahudhurio ya 75% ndipo uingie kwenye mtihani, na mimi tayari nina vipindi vinne nilivyokosa mwanzoni kwa sababu usajili ulichelewa.

Nimeandika hivi:

*"Habari Dakta. Mimi ni mwanafunzi wako. Kutokana na sababu za kifamilia zisizozuilika sitaweza kuhudhuria masomo kwa siku chache wiki ya 9. Naomba unisamehe na unisaidie kufidia nitakayoyakosa. Nitashukuru kwa ushirikiano wako."*

Niitume hivyo? Na je, nitaje kwamba ni harusi? Wenzangu wananiambia niseme naumwa, eti harusi haina uzito.

Kipanga

Dada, piga hesabu kwanza. Muhula wa wiki 15 kwa vipindi viwili ni vipindi 30. Asilimia 75 ya 30 ni 22.5, maana yake unatakiwa uwepo vipindi 23 na unaweza kukosa 7. Umekosa 4, harusini utakosa viwili, jumla 6. Bado uko ndani. Barua ya nini? Robo hiyo ni haki yako, nenda kwenye shughuli ya dada yako, ukirudi chukua noti kwa wenzako.

Bi Rehani

Pole sana mwanangu kwa msiba. Mimi nilifiwa na mama mkwe katikati ya muhula, idara ikanitaka nipeleke barua ya viongozi wa mtaa ndipo wakanihamishia testi. Tafuta hiyo karatasi mapema, usiondoke bila hiyo, maana ukisharudi kuipata ni shida.

Kitinda_Mimba

Asante Bi Rehani, ila si msiba, ni harusi ya dada yangu.

Bi Rehani

Nisamehe mwanangu, niliisoma barua yako kabla ya maelezo ya juu. Hayo maneno "sababu za kifamilia zisizozuilika" yalinipeleka msibani moja kwa moja. Basi hongereni sana.

Mwanasahani

Nimefanya kazi maabara ya chuo miaka mingi, nikisaidia wahadhiri kuendesha praktikali na kutunza daftari la mahudhurio. Barua za namna hii zimenipitia nyingi, kwa hiyo niseme ninachokijua.

Bi Rehani amekuonyesha tatizo la barua yako bila kukusudia. Mhadhiri naye akisoma maneno hayo atadhani umefiwa. Atakupa pole, na pengine ruhusa. Halafu Jumatatu picha za harusi zinazagaa kwenye simu za darasa zima na wewe umesimama kando ya bibi harusi. Hapo utaonekana umedanganya ingawa hukuandika uongo wowote. Sema harusi, ya nani, na kwamba wewe ni msimamizi. Huo usimamizi ndio uzito wa ombi lako, kwa sababu unaeleza kwa nini huwezi kufika Jumamosi asubuhi kama mgeni mwingine.

La kuumwa liache kabisa. Ugonjwa unadai cheti cha daktari, na cheti cha kughushi kinakutoa kwenye suala la mahudhurio na kukuingiza kwenye suala la nidhamu, ambalo mhadhiri hawezi kulimaliza mwenyewe hata akikuhurumia.

Kipanga, hesabu yako ni sahihi kwa upande wa vipindi, lakini ina matundu mawili. Kwanza, vyuo vingi vinahesabu vipindi vilivyofundishwa kweli, si vilivyo kwenye ratiba. Mhadhiri akisafiri na vipindi vinne vikafutwa, vinabaki 26, na 75% yake inamtaka awepo vipindi 20. Vya kukosa vinakuwa 6 badala ya 7, na 6 ndivyo atakavyokuwa amekosa akitoka harusini. Akiugua siku moja tu baada ya hapo, yuko nje ya mtihani. Pili, praktikali mara nyingi zina daftari lake, na sehemu nyingine hazina robo ya kukosa: hukufanya, huna ripoti, huna alama. Soma maelezo ya kozi uliyopewa wiki ya kwanza uone yanasemaje.

Tena hapa kwenye praktikali ndipo ungeweka nguvu zako zote. Kipindi cha darasani kina slaidi na kina wenzako. Hii praktikali haikopeshwi. Siku ya kwanza unapaka bakteria kwenye sahani ya agari, unaweka vile viduara vya karatasi vyenye dawa, sahani inaingia kwenye inkubeta ya nyuzi 35 hivi. Kesho yake, baada ya saa 16 hadi 18, unapima kwa milimita upana wa eneo ambalo bakteria hawakuota. Sahani ikikaa siku tatu zaidi haisomeki kwa uhakika, kwa hiyo huwezi kuwaambia waniwekee nitasoma Jumatatu. Na ukisomewa na mwenzako, ripoti yako inakuwa na vipimo ambavyo hukupima.

Ninachotaka kujua ni hiki: kuna kundi lingine linalofanya praktikali hiyohiyo mapema katika wiki?

Kitinda_Mimba

Lipo. Kundi la kwanza linafanya Jumatatu na Jumanne. Mimi niko la pili. Nilifikiri mtu haruhusiwi kuhama.

Mwanasahani

Kuhama kwa muhula mzima, hapana. Kwa wiki moja huwa inawezekana, ila sahani za agari na bakteria huandaliwa kwa hesabu ya watu wa kundi, kabla ya siku yenyewe. Ukijitokeza Jumatatu bila taarifa, fundi wa maabara atakwambia hakuna sahani yako, naye atakuwa anasema kweli. Kwa hiyo nenda kwa fundi kesho, kabla ya kumwandikia mhadhiri. Muulize kama anaweza kuongeza seti moja mhadhiri akikubali. Mweleze wazi kwamba humwombi akuruhusu. Akisema ndiyo, barua yako kwa mhadhiri inakuwa na jambo ambalo limeshapangika, na yeye anabaki na neno moja la kujibu.

Ule mstari wa "unisaidie kufidia" ufute. Mhadhiri mwenye darasa la watu 200 akiusoma anaona kazi imeongezeka mezani kwake: akufundishe upya, akutafutie siku, akutungie kitu. Mpango wa kufidia uje nao wewe.

Kipanga

Hilo la vipindi kufutwa sikulifikiria, nakubali. Lakini bado naona kumtajia vile vinne vya mwanzo ni kujichongea. Hajauliza, kwa nini umkumbushe?

Mwanasahani

Hapo watu wenye busara wanaweza kutofautiana. Mimi ningevitaja kwa sentensi moja, kwa sababu akifungua daftari atavikuta, na ni afadhali avisikie kwako. Wengine wataona si lazima. Yeye anamjua mhadhiri wake kuliko sisi.

Kitinda_Mimba

Nimemwona fundi. Amesema seti moja haimpi shida ila anataka kuona jibu la mhadhiri kwa maandishi, na nimjulishe kabla ya Ijumaa ya wiki ya 8. Nimeandika upya, naomba mnipitie:

*"Yah: Ombi la ruhusa, wiki ya 9, Alhamisi hadi Jumatatu*

*Dakta, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, maikrobaiolojia, kundi la pili la praktikali. Dada yangu anafunga ndoa Jumamosi ya wiki ya 9 na mimi ndiye msimamizi wake. Naomba ruhusa ya kutokuwepo kwenye kipindi cha Ijumaa ya wiki hiyo na cha Jumatatu inayofuata. Ninafahamu kwamba nilikosa vipindi vinne mwanzoni kwa kuchelewa usajili, na kwa hivi viwili nitakuwa nimefikisha sita.*

*Kuhusu praktikali, naomba kuifanya na kundi la kwanza Jumatatu na Jumanne ya wiki hiyohiyo, ili nisome sahani zangu mwenyewe. Fundi wa maabara ana nafasi ya seti moja iwapo utaridhia. Ripoti nitaiwasilisha Jumatano kabla ya kusafiri.*

*Kwa vipindi viwili nitakavyokosa, nitasoma slaidi na sura husika, kisha Alhamisi nitakaporudi chuoni nitakaa na wenzangu wa kikundi. Nikikwama, nitakuja na maswali yangu yameandikwa katika saa zako za kuonana na wanafunzi. Naomba jibu lako kabla ya Ijumaa ya wiki ya 8 ili fundi aandae vifaa."*

Mengine: rafiki yangu amejitolea kunisainia Ijumaa ili nisihesabiwe.

Mwanasahani

Barua imekaa vizuri. Rekebisha sehemu moja: unarudi Jumatatu jioni, kwa nini uanze kusoma Alhamisi? Kipindi cha Ijumaa kitajengwa juu ya hivyo viwili. Weka Jumanne. Mtu anayesoma mpango hutazama kwanza kama tarehe zinaendana.

Rafiki yako mshukuru, umwambie hapana. Umeshamwandikia mhadhiri kwamba hutakuwepo, halafu jina lako lionekane limesainiwa? Mtaitwa wote wawili.

Bi Rehani

Mwanangu, na hizo kozi nyingine usizisahau. Kila mhadhiri mwandikie barua yake, hata kama unakosa kipindi kimoja tu.

Kitinda_Mimba

Nimerudi na mrejesho. Nimebadilisha hiyo siku nikatuma, leo amejibu: "Praktikali fanya na kundi la kwanza. Ripoti ifike kabla hujaondoka." Basi. Kuhusu vipindi viwili hakusema chochote. Nichukulie amekubali?

Kipanga

Amekubali huyo. Angekuwa amekataa angesema.

Mwanasahani

Mimi nisingechukulia hivyo. Kuna sehemu ambazo mhadhiri hana mamlaka ya kufuta kukosa kipindi, anaweza kusema tu amekuelewa, na ruhusa yenyewe inatoka kwa mkuu wa idara. Pengine ndiyo maana amenyamaza. Jibu lake mpelekee fundi leo. Kisha mjibu mhadhiri kwa mistari miwili: mshukuru, umuulize kama ombi la vipindi anatakiwa aliamue yeye au ulipeleke idarani. Asipojibu, hesabu kwamba vile viwili umevikosa, na kuanzia wiki ya 10 usikose kingine.

Kitinda_Mimba

Sawa, nimeshamwandikia. Kesho asubuhi naenda maabara.