MREJESHO: kweri iliyoacha indeksi ghafla

Nilichouliza: "Wakuu, MySQL yangu jana ilitafuta risiti kwa indeksi fasta tu, leo ile ile inasoma tebo nzima, shida nini?"

Haya wakuu, imepona. Kwanza nilifuata ushauri wa ANALYZE TABLE, haikubadilisha kitu, key ikabaki NULL na type ALL japo possible_keys ilionyesha idx_risiti. Mdau aliyesema nipige SHOW WARNINGS mara tu baada ya EXPLAIN ndo kaumaliza mchezo, maana MySQL yenyewe ikasema haiwezi kutumia indeksi sababu ya kubadilisha aina ya data.

Kumbe apu ilisasishwa usiku, sasa inatuma namba tupu:

```sql
-- jana
WHERE risiti = '0045821'
-- leo
WHERE risiti = 45821
```

Kolamu ni VARCHAR. Ukilinganisha na namba, '0045821', '45821' na hata '45821a' zote zinahesabika sawa na 45821, na kwenye indeksi zimepangwa kama maandishi kwa hiyo zimekaa mbali mbali, basi inabidi ipitie kila mstari igeuze ndo ilinganishe. Yani mbali na uzito inaweza kukuletea hata risiti ya mtu mwingine, hilo ndo lilinitisha zaidi!

Tumerudisha kutuma maandishi, type sasa inasoma ref. Kinyume chake, kolamu ya INT ukaipa '45821', haina shida, inageuza ile thamani moja tu na indeksi inafanya kazi kama kawa.