Ndoto ya nywele kupukutika na ndoto ya kunyolewa: je, maana yake ni moja?

MamaSalma: Ndugu zangu, nina miezi mitatu tangu nijifungue. Nimeota mara nne kwamba kila nikichana nywele, kitana kinatoka na fungu zima. Juma lililopita ndoto ilibadilika: mtu nisiyemwona uso alikata misuko yangu yote kwa mkasi, nami nikajitazama kwenye kioo nisijitambue. Mama mkwe anasema nguvu zinaniondoka. Je, ndoto hizi mbili ni jambo moja?

MzeeKibaha: Ni jambo moja, binti yangu. Samsoni, katika Waamuzi 16, alinyolewa akiwa usingizini na nguvu zikamtoka. Nywele ni nguvu, zikienda, zimekwenda.

Ustadhati_Tanga: Shikamoo, mzee. Sura hiyo hiyo, aya ya 22, inasema nywele zake zilianza kuota tena, na baadaye nguvu zikamrudia. Tena yeye alinyolewa bila ridhaa. Katika Qurani, sura ya 48 aya ya 27, Mtume anathibitishiwa ndoto yake ya kuingia Msikiti Mtakatifu pamoja na wenzake, wakiwa wamenyoa vichwa au wamepunguza nywele, na hiyo ilikuwa bishara njema. Artemidoro, mwaguzi wa ndoto wa Kiyunani wa karne ya 2, aliona kunyolewa kichwa ni heri kwa kuhani wa Misri, ambaye hunyoa kwa desturi, lakini ni shari kwa baharia, kwa kuwa walionusurika chombo kilipozama ndio walionyoa. Kwa hiyo mimi huuliza kwanza ni nani aliyeshika wembe, na mwotaji ni nani.

Jirani_K: Paka mafuta ya nazi usiku, zitaacha kukatika.

LeiyoArusha: Katika Eunoto, sherehe yetu Wamaasai, mama ndiye humnyoa moran nywele zake ndefu, na wengi hulia, kwa maana ujana wa umorani unaishia pale. Mimi huota tukio hilo hadi leo, na huamka na huzuni wala si hofu. Sikupoteza nguvu, nilipoteza jina nililoitwa nilipokuwa nazo.

Muuguzi_Rehema: MamaSalma, je, zinakatika kweli ukiwa macho? Wakati wa ujauzito nywele nyingi hukawia kudondoka, kisha hutoka kwa pamoja miezi miwili hadi minne baada ya kujifungua, na kwa kawaida hutulia kabla mtoto hajatimiza mwaka. Huenda ndoto ya kitana inarudia tu kile ambacho mkono wako umekiona asubuhi. Hata hivyo, ukiwa na uchovu usioisha au kizunguzungu, pima damu na tezi ya shingo. Ndoto ya mkasi siwezi kuieleza kwa njia hiyo.

MamaSalma: Zinakatika kweli, dada, na sikuwa nimehusisha mambo hayo mawili. Ama kuhusu mkasi, swali la Ustadhati limenikosesha usingizi, maana nakumbuka nilikuwa nimeketi kitini kwa utulivu, wala hakuna aliyenishika.

MzeeKibaha: Marahaba, Ustadhati. Aya ya 22 niliisahau. Lakini utulivu huo, binti, bado unanitia wasiwasi.