Naomba ushauri: kosa la +4% kwenye mzigo mdogo, mteja hataki kunielewa

Wakuu, habari za kazi. Nimepima mita ya mteja anayelalamika kwamba inakimbia. Ni ya daraja la 1, 1000 imp/kWh. Nilifunga kipimo rejea kwa klampu ya 100 A, mzigo ukiwa kama 2 kW. Mapigo 10 ya taa ya mita ni 10 Wh, kipimo rejea kikasoma 9.96 Wh. Kosa ni +0.4%, mita ni nzima.

Mteja akaomba nipime na taa ya 60 W peke yake. Pigo moja kwa dakika, tukasubiri dakika kumi tumechuchumaa mbele ya boksi, kioo kikaonyesha +4%. Akaipiga picha, na sasa haachii namba hiyo.

Mimi naishuku klampu, kwa sababu mkondo wa 0.26 A ni mdogo mno kwake. Nafikiria kurudi nizime umeme, niunge kipimo rejea moja kwa moja bila klampu, nirudie mbele yake.

Je, ripoti ya kwanza niiandike vipi? Sitaki kuificha ile +4%, maana ameiona kwa macho yake, lakini pia siwezi kuisaini kama kosa la mita.