Nimeambiwa nirudi kuuza dagaa kwa kosa ambalo sikupewa hata nafasi ya kuliona

BintiNyegezi:
Wakuu nimetoka kusikiliza voisi sasa hivi mikono inatetemeka. Yule jamaa wa ofisi ya tafsiri hapa Mwanza, nyie mnaofanya hizi kazi mnamjua, yule anayelipa ukishaota mvi, kanitumia voisi kwenye grupu la watu 43: "Kama Kiswahili kimekushinda rudi kauze dagaa Kirumba." Watu arobaini na tatu! Mama yangu kanisomesha kwa dagaa hao hao.

Kisa ni kipeperushi cha dawa ya kichocho cha huku visiwani. Kanipa juzi saa tatu usiku, maneno 3,200, eti "nipitie chapchap, asubuhi kinaenda printi". Ni pidiefu imeshapangwa na picha zake, Kiswahili kitupu. Nikamwomba Kiingereza chake, akajibu "we soma Kiswahili tu, kule kulishapitiwa". Nikasoma mpaka saa tisa usiku, nimetoa makosa 41: "vidone", kichwa kimejirudia, ukurasa wa 4 hauna namba, maneno yamekatwa vibaya mwisho wa mstari kwa sababu programu iliachwa kwenye Kiingereza. Kazi ya prufu nimeifanya.

Sasa kumbe kwenye Kiingereza iliandikwa mtoto ASIPEWE dawa akiwa hajala. Mtafsiri akaandika "Mpe mtoto dawa akiwa hajala." Isome tena hiyo sentensi, Kiswahili chake kina kosa gani? Herufi zote zipo, nukta ipo, hata mwalimu wako wa darasa la saba angeipa tiki. Bila Kiingereza mezani ningejua vipi kwamba "si" imedondoka njiani? Nesi mmoja wa upande wa mteja kaiona baada ya dakika moja, nakala zimeshachapwa. Halafu naambiwa mimi nikauze dagaa. Mbele ya watu 43!

SatoMbichi:
Uzi mrefu kama foleni ya Kamanga. Kwani dagaa wana shida gani, mbona wanalipa kuliko maneno.

Kijana_wa_Igoma:
Pole dada ila hapo na wewe una lako. Ukisoma mwisho wewe ndo wa mwisho. Na viwango vya kimataifa vya tafsiri vipo, ISO 17100 inasema kila tafsiri lazima ipitiwe na watu watatu tofauti, mdurusu, mhakiki na msoma prufu. Sasa kama nyie watatu mlikuwepo basi mgawane lawama.

BintiNyegezi:
Watatu wa wapi? Nilikuwa peke yangu na taa ya simu, umeme ulikatika! Na hajaniita msoma prufu, kaniita muuza dagaa.

Mzee wa Kalamu:
Kijana wa Igoma umeshika mkia ukadhani ni ng'ombe mzima. Nimeifanyia kazi hiyo ISO tangu ilipotoka 2015. Inachotaka lazima ni mtafsiri aikague kazi yake mwenyewe kwanza, halafu mtu wa PILI aidurusu, yaani anaweka Kiingereza upande huu na Kiswahili upande huu anakwenda sentensi kwa sentensi. Huyo wa pili lazima awe na uwezo wa kutafsiri, siyo mtu yeyote anayejua kusoma. Uhakiki na prufu ni kwa makubaliano na mteja, vikitakiwa vinafanywa, visipotakiwa basi. Mwisho msimamizi wa mradi anaangalia kama kila kilichoagizwa kimefanyika ndipo anakabidhi.

Sasa chukua sentensi ya huyu binti. Mdurusu angeikamata hapo hapo, maana kule kuna katazo na huku kuna amri. Mhakiki angeikamata kwa njia nyingine kabisa. Huyo nesi hakuwa na Kiingereza mkononi, kaijua kwa sababu anajua dawa: prazikwanteli inamezwa na chakula, tumboni kukiwa kutupu kichefuchefu na kizunguzungu vinazidi. Ndiyo maana mhakiki anatafutwa ndani ya fani, na Kiswahili peke yake kinamtosha. Msoma prufu yeye anakuja kurasa zikishapangwa, kutafuta vilivyoharibika kwenye kupanga. Hiyo sentensi haikuharibikia hapo. Ilifika kwake ikiwa imenyooka na ina uongo.

Kosa kubwa la huyo bwana ni mpangilio. Kudurusu na kuhakiki kunafanywa faili likiwa bado la kuandikika, kabla ya mpangaji kurasa hajaligusa. Yeye kapeleka kupanga kitu ambacho hakuna aliyekilinganisha na Kiingereza, halafu akakununulia macho ya dakika za mwisho. Na kudurusu kunakula muda, mimi nikikaza naenda kama maneno elfu moja kwa saa. Maneno 3,200 ni nusu siku ya kazi, kwa hiyo angalia bei aliyokupa utajua alinunua nini.

BintiNyegezi:
Shilingi 10 kwa neno mzee.

Mzee wa Kalamu:
Hiyo ni prufu, tena ya kuombana. Swali moja, ankara yako uliandika kazi gani?

BintiNyegezi:
"Kupitia tafsiri."

SatoMbichi:
😂😂😂 Umejifunga mwenyewe binti.

Mzee wa Kalamu:
Hapo ndipo atakubana kweli. Hili neno "kupitia" linatuua. Mdurusu anapitia, nesi anapitia, msoma prufu anapitia, bosi naye akifungua faili kwenye simu akiwa daladala anasema kapitia. Siku nyingine andika "kusoma prufu, Kiswahili pekee, bila kulinganisha na matini chanzi". Na ile meseji uliyoomba Kiingereza itunze.

Kijana_wa_Igoma:
Sawa mzee nimekuelewa kwenye watatu, lakini bado nasema ukiona ni dawa na umenyimwa Kiingereza unakataa kazi. Mambo ya watoto hayo.

BintiNyegezi:
Nikatae nile nini? Na hata kama nina kosa, dagaa wanaingiaje? Aliyeacha "si" hajatajwa hata jina kwenye ile voisi!

NesiWaKisiwani:
Mimi mnanisemea mazuri lakini upande wetu nako ni kilio. Nililetewa kijitabu kama hicho "nihakiki", hawakuniambia mwisho wangu wapi. Nikabadilisha "haja kubwa" nikaweka "choo kikubwa" kila mahali kwa sababu ndivyo wagonjwa wangu wanavyosema, mtafsiri akanikasirikia mwezi mzima. Halafu mabadiliko yangu wakayaingiza bila mtu kuyasoma tena, sentensi nyingine zikabaki na maneno mawili mawili. Nani alitakiwa kuamua, mimi au yeye?

Mzee wa Kalamu:
Maana ya kitabibu ni yako. Mtindo unapendekeza tu, mtafsiri au mdurusu ndiye anakubali au anakataa. Ila hapo watu wa tafsiri wenyewe tunagombana, kuna wanaosema neno la mgonjwa lina nguvu kuliko la mtafsiri na siwapingi sana.

Mpiga Chapa Mabatini:
Nyie mnalia, sisi je? Kila kosa mwisho wake ni "printi imeharibu". Juzi nimeletewa jedwali la vidonge, fonti ya mteja haina alama ya nusu, kila palipokuwa na 1½ pametoka 1 na kiboksi. Nikapiga simu nikaambiwa "we chapa, imepitiwa".

BintiNyegezi:
Imepitiwa! Neno lile lile!

Msaka Ajira:
Samahani wakuu naona humu kuna wataalamu, kuna mtu anaweza kunipitia sivii yangu? Ni kurasa 2 tu.

SatoMbichi:
Kupitia kupi, na Kiingereza chake kipo? Mpiga chapa rudi kwanza, hicho kiboksi mlikichapa au hamkukichapa?

Mpiga Chapa Mabatini:
Sikukichapa, nikawarudishia faili. Wakahamia kwa jirani yangu, na deni la wino la mwezi wa tatu hawajanilipa mpaka leo.